Fomu za tathmini 38, wastani 4.5, lakini maoni yanalia. Ripoti naandikaje?

Mwl wa Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaaibika. Mwezi uliopita tuliendesha semina ya siku mbili hapa Tukuyu, kituo cha walimu, ya ufundishaji wa hesabu darasa la kwanza mpaka la nne. Walikuja walimu 42 kutoka Rungwe na Busokelo. Jioni ya mwisho tukagawa fomu za tathmini zikarudi 38, zina maswali nane ya kutiki 1 mpaka 5 (5 ndo nakubali sana) halafu chini kuna mistari ya maoni. Nikaingiza zote Excel, nikapiga wastani wa kila swali, nikapiga tena wastani wa hizo wastani ikaja 4.5, nikaandika "washiriki waliridhika kwa asilimia 90", bosi akasoma akafurahi.

Sasa juzi usiku mvua inanyesha, umeme hakuna, nikaanza kusoma yale maoni kwa tochi ya simu. Asee. "Muda hautoshi" imejaa kila kona, mmoja kaandika "vizibo ni vya watoto wadogo mimi nafundisha la nne", mwingine "posho posho posho" mara tatu kama wimbo. Tiki zinasema safi, maandishi yanalia. Ripoti kamili inatakiwa Ijumaa na lazima iwe na sehemu ya maboresho ya awamu ya pili. Niamini kipi?

Takwimu255

Mkuu kosa lako ni wastani. Piga standadi deviesheni, ikiwa kubwa maana yake watu hawakukubaliana. Halafu hamishia SPSS, Excel ni ya wahasibu. Maoni ya kuandika achana nayo, hayo sio data, kila mtu anaandika kinachomuuma.

Mdau Makambako

Mimi mpaka leo kipengele cha tathmini kwenye PEPMIS kinanisumbua, ukishajaza majukumu msimamizi haoni kitu. Ulifanyaje wewe?

Mwl wa Tukuyu

@Mdau Makambako hapana ndugu yangu, hiyo ni ya utendaji wa mtumishi. Mimi naongelea fomu za semina, za karatasi.

Mama Uyole

Mwanangu, nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi na fomu kama hizo nimezisoma kwa magunia. Kabla hatujaenda mbali nijibu mambo matatu. Fomu ziligawiwa saa ngapi na nani alizikusanya? Zilikuwa na majina? Na hao wanne ambao fomu zao hazikurudi ni akina nani? Halafu niandikie hapa maswali yote nane kama yalivyo kwenye karatasi, neno kwa neno.

Mwl wa Tukuyu

Shikamoo mama. Ziligawiwa saa kumi na moja jioni, zikakusanywa pale pale kwenye meza ya posho, yaani unatoa fomu unasaini unapewa hela. Majina yalikuwepo, jina shule na namba ya simu, maana tulitaka karatasi ile ile itumike na kwenye mahudhurio. Wale wanne walitoka saa tisa kuwahi gari, ni wa upande wa Mwakaleli, siku hiyo barabara ilikuwa tope tupu, posho zao niliwatumia kwa simu.

Maswali:
1. Malengo ya semina yalieleweka.
2. Wawezeshaji walilijua somo na walitunza muda.
3. Zana zilizotumika zinapatikana shuleni kwangu.
4. Mifano iliendana na darasa ninalofundisha.
5. Nilipata nafasi ya kuuliza maswali.
6. Kasi ya mafunzo ilikuwa kubwa kuliko nilivyoweza kufuatilia.
7. Nitatumia nilichojifunza.
8. Ukumbi na chakula viliridhisha.

Mama Uyole

Marahaba. Sasa angalia swali la sita mwanangu. Kwenye maswali mengine yote tiki ya 5 ni sifa, kwenye hilo tiki ya 5 ni lawama. Mtu akitiki 5 hapo anakwambia mlikimbia mno. Wewe umelijumlisha na mengine kama vile ni sifa, kwa hiyo kila aliyelalamika amekupandishia wastani. Hiyo 4.5 itupe, hata ukiligeuza hilo swali bado ungekuwa unachanganya chakula na mifano ya hesabu kwenye sufuria moja.

Na 4.5 kati ya 5 sio asilimia 90 ya watu walioridhika. Inaweza kutoka kwa watu wengi tofauti kabisa. Nenda kahesabu swali la nne na la sita, wangapi walitiki 5, wangapi 4, mpaka 1. Halafu la nne uligawe kwa darasa wanalofundisha.

Mwl wa Tukuyu

Mama nimejaribu hii, kolamu B ni darasa na kolamu F ni swali la nne:

```
=SUMPRODUCT((B2:B39="3-4")*(F2:F39<=2))
```

Inaniletea 0. Haiwezekani, nimeziona kwa macho zile fomu za la tatu na la nne zina 1 na 2.

Kamwene_IR

Niko Iringa nafanya ufuatiliaji wa miradi, hilo lilishanila siku nzima. Angalia kolamu B vizuri, ulipoandika 3-4 Excel imeigeuza tarehe. Utakuta imeandika mwezi wa tatu au wa nne humo. Na 1-2 imeigeuza pia. Usihangaike kurekebisha muundo wa seli, andika upya maneno, wa la kwanza na la pili waite "chini", wa la tatu na la nne waite "juu".

Mwl wa Tukuyu

Kweli kabisa, imeandika 03-Apr. Nimebadilisha.

Swali la nne, mifano iliendana na darasa langu: walimu wa chini wako 22, waliotiki 5 ni 18 na waliotiki 4 ni wanne, basi. Walimu wa juu wako 16, waliotiki 5 wawili, 4 mmoja, 3 mmoja, 2 wanane, 1 wanne. Yaani 12 kati ya 16 wanasema mifano haikuwafaa! Na wastani wa swali hilo kwenye ripoti yangu ni 3.76, nikaandika pembeni "wastani mzuri".

Swali la sita: 5 wako 17, 4 sita, 3 wanne, 2 saba, 1 wanne.

Mama Uyole

Umeona. Hiyo 3.76 haimuelezei mwalimu hata mmoja. Una makundi mawili, moja limeshiba lingine limelala njaa, ukichanganya unapata watu waliokula nusu sahani. Niambie siku mbili hizo mlifundisha nini hasa.

Mwl wa Tukuyu

Siku ya kwanza thamani ya namba, tulitumia vijiti na vizibo vya soda, kufunga mafungu ya kumi, kutoa kwa kukopa. Siku ya pili tulipanga asubuhi tumalizie kutoa halafu mchana hesabu za sehemu na kugawanya. Ila asubuhi ilianza saa nne badala ya saa mbili na nusu kwa sababu ya mvua, kwa hiyo sehemu tuliipitia kwa dakika kama arobaini, mwezeshaji alichora tu ubaoni.

Mama Uyole

Basi chanzo unacho tayari, wala usikitafute mbali. Sehemu na kugawanya ndo mkate wa la tatu na la nne, na ndizo mlizokatisha. Hicho kiandike kwenye ripoti pamoja na hizo 12 kati ya 16. Namba peke yake ingemfanya bosi wako aseme wawezeshaji ni wabovu, kumbe ratiba ndo ilianguka.

Takwimu255

Sawa mama lakini standadi deviesheni ingemuonyesha hilo bila kuzunguka.

Mama Uyole

Ingemuonyesha kuwa majibu yametawanyika, hapo uko sahihi kabisa mwanangu. Isingemwambia kwamba yametawanyika kwa darasa. Na bosi wake ukimwandikia namba hiyo ataifunga ripoti. Mwandikie watu. Kwenye fomu 38 mtu mmoja ni karibu asilimia 3, ukisema "asilimia 2.6 hawakuridhika" umemficha mwalimu mmoja nyuma ya desimali.

Mwl wa Kilolo

Nimesoma nikacheka maana mimi ndo hao wa kutiki. Semina yetu moja huku Kilolo fomu ililetwa jua linazama, gari la mwisho linapiga honi, na aliyekuwa anakusanya ndo alikuwa na bahasha. Nikashusha mstari mmoja 5 5 5 5 mpaka chini sijasoma hata swali. Jina langu liko juu pale, wewe ungeandika 2? Angalia fomu zako utatukuta wengi tu.

Mwl wa Tukuyu

@Mwl wa Kilolo nimerudi kuangalia. Wako 11 waliotiki 5 kila swali, hata la sita. Yaani malengo safi, mifano safi, na kasi ilikuwa kubwa mno nikashindwa kufuatilia lakini kila kitu safi. Tisa ni wa chini, wawili wa juu. Na hao wawili ndo wale wale pekee wa juu waliotiki 5 kwenye mifano!

Takwimu255

Hapo ndo nilipokuwa nasubiri. Futa hizo 11, ni takataka. Baki na 27.

Kamwene_IR

Usifute. Mtu anaweza akaipenda semina kwa moyo wote na bado aseme mlikimbia, hivyo vitu viwili havigombani. Mimi nimeshahudhuria mafunzo mazuri sana ambayo nusu sikushika. Utajuaje kati ya hao 11 nani alikuwa anawahi gari na nani alimaanisha?

Mama Uyole

Nakubaliana na Kamwene, ingawa moyoni naamini wengi wao ni wa kuwahi gari. Weka zote mbili. Kwenye swali la sita, ukihesabu fomu zote, waliosema mlikimbia (4 na 5) ni 23 kati ya 38. Ukiwaweka pembeni wale 11 wanabaki 12 kati ya 27, na waliosema hamkukimbia (1 na 2) ni 11. Kwa hiyo kwa hesabu moja wengi wanasema kasi ilizidi, kwa nyingine wamegawanyika katikati. Andika hivyo hivyo, kwamba swali hili halijatoa jibu la kuaminika. Lakini swali la nne ukiwatoa au ukiwaacha hadithi ni ile ile, wa juu wanabaki 14 na 12 kati yao wanalalamika. Ndo maana hilo unaweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote.

Takwimu255

Bado nasema kuziacha ni kudanganya. Ila sawa, ripoti ni yake.

Mwl wa Tukuyu

Sasa maoni. Walioandika ni 29, tisa waliacha wazi. Nilianza kuhesabu neno, "muda" imetokea mara 19. Niandike 19?

Mama Uyole

Hesabu watu, usihesabu maneno. Kuna mtu kaandika muda mara tatu kwa hasira, huyo bado ni mmoja. Halafu usiishie kwenye neno "muda". Chukua fomu zote zenye malalamiko ya muda zitandaze mezani, soma sentensi nzima, uliza huyu akisimama mbele yangu anataka nifanye nini. Utaona zinajipanga mafungu zenyewe.

Ukimaliza mpe mwenzako fomu kama kumi ambazo hujaziandika alama, apange bila kuona ulivyopanga wewe. Mkitofautiana ndo utajua fungu lipi halieleweki.

Mwl wa Tukuyu

Wakuu nimefanya, nimemaliza saa sita usiku. Walioongelea muda ni watu 14. Sita wanataka mazoezi, mfano "tulikaa kusikiliza tu mchana wa siku ya pili, hatukushika vizibo". Watatu wanaongelea kuchelewa kuanza. Watano wameandika tu "siku ziongezwe" bila kueleza.

Mwenzangu niliyempa kumi tumetofautiana kwenye tatu, zote ni hizo "siku ziongezwe". Mimi mwanzoni niliziweka kwenye mazoezi, yeye akaziweka kwenye posho, akanicheka kabisa, akasema wewe unadhani siku ikiongezeka kinachoongezeka ni nini?

Mwl wa Kilolo

Mwenzako anaijua nchi hii.

Mama Uyole

Anaweza kuwa sahihi, na wewe unaweza kuwa sahihi, karatasi haijasema. Acha fungu lao peke yao, "wanataka siku zaidi, hawakueleza sababu, watu watano". Usiwajazie maneno mdomoni. Lakini ona ulivyookoka, ungeandika "walimu 14 walisema muda hautoshi" pendekezo lingekuwa ongeza siku ya tatu, na siku ya tatu ni ukumbi, chakula na posho za watu 42. Sita wanaotaka mazoezi hawahitaji siku, wanahitaji ratiba ile ile ipangwe vingine. Watatu wa kuchelewa wanahitaji saa ya kuanza inayolingana na magari.

Kamwene_IR

Na wale wanne wa Mwakaleli usiwasahau. Wameondoka kwa sababu ya usafiri, kwa hiyo wenye shida ya usafiri ndo waliokosekana kwenye fomu zako. Hao watatu wa kuchelewa kuanza ni wachache kuliko hali halisi.

Mwl wa Tukuyu

Niliwapigia leo, watatu wamepokea. Wote wamesema barabara na saa ya kuanza. Niwaongeze wawe 41?

Kamwene_IR

Hapana, waweke sentensi yao pembeni. Mtu anayeongea na wewe kwa simu na unajua sauti yake hajibu kama aliyejaza karatasi. Sema tu uliwapigia watatu na walichosema.

Mdau Makambako

Posho je? Maana naona mnaikwepa kama chui.

Mwl wa Tukuyu

Walioitaja ni tisa. Bosi kaniambia hiyo isionekane kwenye ripoti, inawaudhi wafadhili.

Mama Uyole

Mimi ningeiweka kwenye sehemu ya maandalizi, mstari mmoja, watu tisa kati ya 29 walioandika maoni. Sio kwenye ubora wa mafunzo. Ukiificha wakati walimu wanajua waliandika nini, awamu ijayo hawataandika kitu.

Kamwene_IR

Mama hapo tunatofautiana kidogo. Ripoti ya mfadhili ina kurasa zake, mimi posho huwa naiandika kwenye barua ya ndani kwa mkuu wa kitengo. Inafika inakotakiwa bila kugombana.

Mwl wa Tukuyu

Hilo nitalilalia kwanza. Hii ndo sehemu ya maboresho nilivyoiandika, nichambueni:

"Walimu 12 kati ya 16 wa darasa la tatu na la nne walisema mifano haikuendana na madarasa yao. Mada ya sehemu na kugawanya ilipata dakika 40 kwa sababu siku ya pili ilianza kwa kuchelewa saa moja na nusu. Awamu ijayo mada hiyo itafundishwa asubuhi ya siku ya kwanza, na baada ya chai washiriki watagawanyika vyumba viwili kwa darasa, kila chumba kikiwa na mwezeshaji wake, vizibo na karatasi za kukunja. Kutakuwa na saa moja ya washiriki kufundishana. Kuanza ni saa tatu na nusu na kufunga saa tisa. Mratibu atakamilisha ratiba wiki mbili kabla. Siku hazitaongezwa. Swali la nne litabaki na maneno yale yale ili majibu yalinganishwe."

Na fomu: jina tumetoa, imebaki darasa tu. Itajazwa baada ya chakula cha mchana, itatumbukizwa kwenye boksi mlangoni, mbali na meza ya posho.

Mama Uyole

Nzuri, ina mtu na ina saa. Mawili tu. Swali la pili ligawe, "walilijua somo" na "walitunza muda" ni maswali mawili, kwa siku mliyochelewa vile mtu angetiki nini? Na la sita ligeuze liwe "Kasi iliniwezesha kufuatilia", au uliache kama mtego wa wanaotiki bila kusoma, lakini uamue sasa, sio baada ya fomu kurudi.

Jambo la pili, usinukuu ile ya "mimi nafundisha la nne" ukaweka na jina la kata. Mwalimu wa la nne aliyetoka shule ile anaweza kuwa mmoja tu, mkuu wake atamjua kabla hajamaliza mstari.

Mwl wa Tukuyu

Ndaga fijo mama, hilo la kata lilikuwepo kweli, nimelifuta sasa hivi. La sita naliacha kama mtego.

Mwl wa Kilolo

Lakini hiyo swali la saba, "nitatumia nilichojifunza", wote si wametiki 5?

Mwl wa Tukuyu

36 kati ya 38 waliweka 4 au 5.

Mwl wa Kilolo

Mimi pia niliweka 5. Vizibo bado viko kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango wa stoo.

Kamwene_IR

Ndo maana huwa nasema fomu ya siku ya mwisho inapima ukumbi. Nenda baada ya wiki sita, shule tano tu, omba kuona daftari za watoto. Kama hakuna nauli, ripoti iseme wazi kwamba hilo la saba ni nia tu.

Mwl wa Tukuyu

Nauli hakuna. Ila shule mbili ziko njiani kwangu kwenda Kiwira, hizo nitapita mwenyewe.

Mdau Makambako

Kwa hiyo PEPMIS hakuna anayejua?